Kibao cha "Mbwa Mkali" hakimwondolei mwenye nyumba dhima

Ukipita katika mitaa ya Dar es Salaam yenye nyumba za kuta ndefu, utakiona kibao kile mlango hadi mlango. Kwingine kimeandikwa kwa rangi nyekundu ukutani, kwingine ni bati lenye picha ya kichwa cha mbwa aliyetoa meno, na ujumbe ni uleule: MBWA MKALI. Tunazijua nyumba zenye kibao hicho ambazo hazina hata paka. Wenyewe wanasema kimewekwa kwa ajili ya wezi. Lakini kwa wale walio na mbwa kweli, imejengeka imani kwamba kibao kikishapigwa misumari getini basi hesabu imefungwa, na atakayeng'atwa atakuwa amejitakia mwenyewe.

Imani hiyo tumeisikia kwa watu wengi, wakiwemo wasomi. Si sahihi. Katika baadhi ya mazingira kibao hicho ndicho ushahidi wa kwanza utakaotumika dhidi ya aliyekitundika. Ili jambo hili lieleweke, tutautazama mfano mmoja tulioutunga wenyewe kutokana na mambo ya kawaida ya mitaani.

Mzee mmoja mstaafu ana nyumba yenye ukuta na geti. Anafuga mbwa dume kwa ajili ya ulinzi. Mchana mbwa hufungwa kamba nyuma ya nyumba, na baada ya Isha mlinzi humfungua azunguke uani mpaka alfajiri. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, jirani yake, mwanamke anayejipatia riziki kwa kupika chakula na kukiuza, anakuja kumpongeza mkwe wa mzee aliyejifungua. Ana sahani ya pilau mkononi. Anabisha hodi, msaidizi wa nyumbani anafungua geti na kumwambia, "Karibu mama, pita ndani." Hajafika barazani. Kamba ya mbwa imechakaa na asubuhi hiyo imekatika, mlinzi akaifunga fundo badala ya kuibadilisha. Fundo linafunguka, mbwa anatoka mbio upande wa nyuma ya nyumba, na kabla mama hajapata la kufanya meno yameshazama katika ndama ya mguu wake wa kushoto.

Mzee anatoka, amefadhaika kwa dhati. Anamsaidia jirani yake kukaa, anamkemea mbwa, anamkemea mlinzi. Kisha anasema maneno mawili ambayo ndiyo kiini cha makala hii: "Mwanangu, mbwa huyu hajawahi kumng'ata mtu. Na kibao kipo pale getini."

Kabla hatujayapima maneno hayo, tumalize la jeraha, kwa sababu haki ya fidia haina maana kwa mtu aliyepoteza maisha. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ukishaanza kuonesha dalili kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona. Kinga yake ipo kabla ya dalili. Jeraha lioshwe pale pale kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kwa saa, si kwa kukisia. Kisha mtu aende kituo cha afya siku hiyohiyo aanze chanjo, na azimalize sindano zote kwa tarehe atakazopangiwa, hata kama kidonda kimekwisha kufunga. Asitie mafuta ya taa wala majani. Na kwa kuwa sisi Waislamu tunajua hukumu ya mate ya mbwa, tuseme wazi: udongo usitiwe katika jeraha. Masuala ya tohara ya nguo na mwili ataulizwa sheikh baadaye, mtu akishatoka hospitali.

Jambo jingine la saa ya kwanza ni kwamba mbwa asiuawe. Hasira huwapeleka watu kumpiga mpaka afe, na kwa kufanya hivyo huipoteza njia rahisi ya kujua hali yake. Mbwa akiwa hai hufungiwa mahali salama, daktari wa mifugo akajulishwa, na akaangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na uwezo wa kuambukiza kichaa siku aliyong'ata. Akibadilika, akishindwa kumeza au akifa, daktari huchukua hatua nyingine. Chanjo ya aliyeng'atwa haingojei siku hizo 10 zipite. Inaanza mara moja, na majibu ya mbwa ndiyo yatakayomfuata mganga baadaye.

Sasa turudi kwa mzee na maneno yake.

Tanzania Bara haina sheria moja ya Bunge inayosema mbwa aking'ata mwenye mbwa atalipa kiasi fulani. Jambo hili linatawaliwa na kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza, zile zilizotokana na hukumu za majaji, ambazo ziliingizwa nchini kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai, 1920. Waingereza wenyewe walibadilisha kwao mwaka 1971 kwa kutunga sheria mpya kuhusu wanyama. Mabadiliko hayo hayakutufuata. Ndiyo maana wakili wa Dar es Salaam anayeshughulikia shauri la mbwa hujikuta akisoma hukumu za enzi za magari ya farasi.

Kanuni hizo za zamani zinawagawa wanyama mafungu mawili. La kwanza ni wanyama wakali kwa asili yao, kama simba na chui. Anayemfuga simba atalipa madhara yake yote, hata kama simba huyo alilelewa kama mtoto na hajawahi kumkwaruza mtu. La pili ni wanyama waliozoeana na binadamu, kama ng'ombe, farasi na mbwa. Kwa hawa, mwenye mnyama analipa iwapo alijua kwamba mnyama wake huyo ana tabia ya kudhuru watu. Akishajua na bado akaendelea kumweka, dhima inamwangukia bila kujali amechukua tahadhari kiasi gani. Kufunga kamba nzuri hakumsaidii ikiwa kamba imekatika. Kwa maneno mengine, swali la kwanza la mahakama si kama mzee alizembea. Swali la kwanza ni: je, mzee alijua?

Hapo ndipo watu wengi wanapoikosea kanuni hii. Husema kwamba sheria inampa kila mbwa ng'ato moja ya bure, yaani ya kwanza hailipwi, na dhima inaanza kwa ya pili. Sivyo. Kinachotafutwa ni kujua, na mtu anaweza kujua tabia ya mbwa wake kabla hajamtoa mtu damu. Mbwa anayewarukia wapita njia mara kwa mara, anayezuiwa na kamba tu asiwafikie wageni, aliyewahi kuipasua nguo ya mtu, huyo tabia yake imekwisha kujitangaza. Hata ukali wa msimu unahesabiwa. Mwaka 1907 mahakama ya Uingereza ilishughulikia shauri la mbwa jike aliyekuwa mtulivu siku zote isipokuwa anapokuwa na watoto. Mwenyewe alilijua hilo, na akawajibishwa kwa ng'ato ya wakati huo.

Lakini tabia inayojulikana lazima iwe ya aina ileile iliyoleta madhara. Katika shauri la mwaka 1896 aliyeng'atwa alithibitisha kwamba mbwa yule aliwahi kumshambulia mbuzi. Mahakama ikasema haitoshi, kwa kuwa mbwa anayefukuza mbuzi si lazima awe mbwa anayeng'ata watu. Kwa hiyo jirani anayekwenda kudai asitegemee habari za kuku waliouawa mwaka juzi.

Katika mfano wetu, mzee anasema hajui lolote, na huenda anasema kweli. Tuseme lakini kwamba miezi miwili kabla, mbwa huyohuyo alimrukia kijana muuza maziwa asubuhi na kuichana kanzu yake. Mlinzi alimvuta mbwa, akamwomba kijana radhi, wakayamaliza. Mzee hakuambiwa, kwa sababu mlinzi aliogopa kazi yake. Je, mzee ataokoka kwa kutojua?

Hataokoka. Mwaka 1872 ilitolewa hukumu kuhusu mbwa aliyekuwa chini ya uangalizi wa mtumishi wa kuendesha gari la farasi. Mtumishi aliujua ukali wa mbwa, bwana hakuujua. Mahakama ikaamua kwamba ukimkabidhi mtumishi mbwa wako amwangalie, anachokijua mtumishi kuhusu mbwa huyo kinahesabiwa kuwa umekijua wewe. Mlinzi wa mzee ndiye anayemfunga na kumfungua mbwa, na ndiye anayemlisha. Kanzu ya muuza maziwa ilichanika mbele ya macho yake, na kwa hesabu ya sheria ilichanika mbele ya macho ya mzee. Kwa hiyo ushahidi mzito katika shauri hili uko kwa kijana wa maziwa na mlinzi. Jirani aliyeng'atwa ana kazi ya kuwatafuta hao mapema, kabla mlinzi hajaachishwa kazi na kurudi kwao.

Tuongeze hapa kwamba anayewajibika si lazima awe aliyemnunua mbwa. Tumesikia utetezi wa "mbwa ni wa mwanangu, yeye yuko masomoni" na "mbwa ni wa mlinzi, alikuja naye." Tangu mwaka 1831 mahakama zilikwisha kusema kwamba anayemhifadhi mbwa nyumbani kwake na kumwachia akae hapo, ndiye mwenye dhima naye.

Neno la pili la mzee lilikuwa kibao. Hapa tunaomba msomaji avute subira, kwa sababu kibao kina pande mbili.

Upande wa kwanza kinamsaidia mwenye nyumba. Mtu mzima anayejua kusoma, aliyekiona kibao mchana kweupe, kisha akasukuma geti akaingia bila kuitika kwa mtu, amejipeleka mwenyewe kwenye hatari aliyoonywa. Fidia yake inaweza kupunguzwa au kukataliwa kabisa. Upande wa pili kinamshitaki. Aliyeandika MBWA MKALI ametangaza kwa umma kwamba anaujua ukali wa mbwa wake. Jaji hatakosa kuuliza: "Kama hukujua kwamba ni mkali, kwa nini uliandika?" Mzee atalazimika kueleza kwamba aliandika kwa ajili ya wezi tu, na huenda akaaminika, lakini tayari mzigo wa kujieleza umehamia mabegani mwake.

Zaidi ya hapo, onyo linamfaa yule tu aliyefikiwa nalo. Mwaka 1830, huko huko Uingereza, mtu aliyeingia uani kwa haki aling'atwa na mbwa mahali palipokuwa na kibao cha tahadhari. Ikabainika kwamba hakujua kusoma. Kibao hakikumwokoa mwenye mbwa. Tufikirie wangapi katika mitaa yetu wako katika hali hiyo: watoto wadogo, wazee wasiojua kusoma, watu wenye uoni hafifu, na kila anayekuja baada ya Magharibi mahali ambapo taa ya getini imeungua.

Na katika mfano wetu limetokea kubwa kuliko yote hayo. Mama alibisha hodi. Akajibiwa, "Karibu, pita ndani." Neno hilo limekifuta kibao. Anayekaribishwa na watu wa nyumba ana haki ya kuamini kwamba mbwa, kama yupo, amekwisha kufungwa. Kibao kinamwambia asiingie bila kukaribishwa, naye hakuingia bila kukaribishwa. Kwa maoni yetu, hapo utetezi wa mzee umekwisha.

Tubadilishe sasa mazingira kidogo, kwa kuwa si kila anayeng'atwa ni mgeni mwenye sahani ya pilau.

Tuseme aliyeng'atwa ni mtoto wa miaka tisa anayepita barabarani kwenda madrasa, na mbwa ametoka kwa sababu geti limeachwa wazi gari lilipokuwa likiingia. Mtoto hakuingia kwa mtu. Yuko katika njia ya watu wote. Kibao hakimhusu hata chembe, kwani hakuna kibao kinachoweza kumkataza mtu kupita barabarani. Hapa, kama ukali wa mbwa ulijulikana, dhima ni dhahiri. Na hata kama haukujulikana, mzazi anaweza kudai kwa njia ya pili, ambayo ni uzembe: kwamba mtu mwenye busara ya kawaida hafungui geti saa ya watoto kupita huku mbwa mkubwa akiwa huru uani. Njia hii haihitaji kuthibitisha kwamba mwenye mbwa alijua tabia yake mbaya. Inahitaji kuthibitisha kwamba madhara yalitarajiwa na tahadhari ya kawaida haikuchukuliwa. Mbali na fidia, Kanuni ya Adhabu inamfanya kuwa mkosaji mtu anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayotarajiwa kutoka kwa mnyama aliye naye, ikiwa uzembe huo unahatarisha watu. Ndiyo maana jambo hili linaweza kufika polisi.

Tuseme tena kwamba aliyeng'atwa aliruka ukuta usiku wa manane. Sheria inamruhusu mtu kuweka mbwa wa kulinda ua wake, na tangu mwaka 1794 mahakama zimekataa kumlipa aliyeingia bila haki akakutana na mbwa wa ulinzi aliyefunguliwa usiku. Mpaka wake ni kwamba mwenye nyumba asimshikize mbwa mtu ambaye amekwisha kudhibitiwa au anayekimbia. Hilo si ulinzi tena bali ni kushambulia. Kundi gumu ni la watoto wanaoruka ukuta kufuata maembe. Kisheria wameingia bila ruhusa, lakini ikiwa mwenye nyumba alijua kwamba watoto huingia kila msimu na akanyamaza, mahakama inaweza kuona kwamba kunyamaza kwake kulikuwa kama ruhusa. Asiyetaka watoto waingie na aseme, na akazibe pale wanapopandia.

Na yupo aliyemchokoza mbwa mwenyewe, akamrushia mawe akiwa kamba shingoni, akamnyang'anya chakula. Huyo amejiletea madhara, na hana wa kumdai.

Huenda msomaji wetu akauliza wanazuoni wamesemaje. Jambo hili walilizungumza karne nyingi kabla ya majaji tuliowataja. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ni katika wale walioruhusiwa, na mtu asidhani kwamba kumfuga kwa haja hiyo peke yake kunamfanya mdhamini wa kila litokealo. Ipo hadithi sahihi, aliyoipokea Abu Huraira, kwamba jeraha la mnyama halina fidia. Wapo wanaoitaja hadithi hiyo wakaishia hapo. Wanazuoni hawakuishia hapo. Waliifahamu kuwa ni kwa mnyama aliyedhuru bila kosa la mwenyewe. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 620 Hijria, katika kitabu chake Al-Mughni anaeleza kwamba anayemfuga mbwa mwenye tabia ya kung'ata na kumwachia, kisha akamng'ata mtu au kumchania nguo, atalipa. Aliyeingia nyumbani bila idhini halipwi, kwa kuwa amevuka mpaka yeye mwenyewe. Aliyeingia kwa idhini analipwa. Na katika vitabu vya madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, limeongezwa sharti la kumjulisha: ukimruhusu mtu aingie nawe hukumwambia habari ya mbwa anayeng'ata, utalipa, na ukimjulisha akaingia kwa hiari yake, hulipi.

Msomaji ataona kwamba fiqhi na sheria ya mahakama zinauliza karibu maswali yaleyale: je, tabia ya mbwa inajulikana, na je, aliyeng'atwa aliingia kwa idhini? Hata hivyo tusichanganye mambo. Shauri la fidia la aina hii likifika mahakamani Tanzania Bara, litaamuliwa kwa kanuni za sheria ya kawaida, na kwa sababu hiyo halifunguliwi Mahakama ya Mwanzo, ambayo mashauri yake ya madai ni ya sheria za mila na za Kiislamu. Linaanzia Mahakama ya Wilaya. Fiqhi ina nafasi yake katika dhamira ya mwenye mbwa na katika suluhu, na suluhu ndiyo njia ya majirani wengi.

Iwe suluhu au mahakama, jirani yetu anahitaji karatasi. Kwanza apate fomu namba tatu ya polisi, PF3 kama tunavyoizoea, ijazwe na daktari aliyemtibu, ieleze kina na mahali pa jeraha. Apige picha ya mguu siku ileile, na picha ya kamba iliyokatika kama atairuhusiwa. Aandike majina ya walioona. Amwombe mzee cheti cha chanjo ya mbwa kutoka kwa daktari wa mifugo. Kisha atunze kila risiti.

Risiti tunazisisitiza kwa sababu mahakama hugawa fidia katika mafungu mawili. Fidia maalumu ni ile ya fedha zilizotoka mfukoni au zilizokosekana, nayo lazima itajwe kiasi chake na ithibitishwe shilingi kwa shilingi. Fidia ya jumla ni ya maumivu, hofu na kovu, na kiasi chake hukadiriwa na hakimu. Tuseme katika mfano wetu matibabu na chanjo vimegharimu shilingi 210,000, nauli za kwenda na kurudi kliniki 48,000, baibui lililochanika 45,000, na siku 12 ambazo mama hakuweza kusimama jikoni, kwa faida ya 25,000 kwa siku, ni 300,000. Jumla ni shilingi 603,000. Sasa tuangalie kitakachobaki. Matibabu yana risiti za hospitali, yatasimama. Nauli ni za bajaji, na dereva wa bajaji haandiki risiti. Hapo anakosa 48,000 isipokuwa kama alilipa kwa simu na ujumbe upo, au aliwaomba madereva wamwandikie na wakubali kuja kushuhudia. Faida ya jikoni itategemea daftari lake la mauzo. Asipokuwa na daftari, hakimu anaweza kuikataa yote 300,000, ingawa kila mtu mtaani anajua kwamba mama huyo hupika kila siku. Tumeona madai ya kweli yakianguka hivi, na ni jambo la kusikitisha.

Muda wa kufungua shauri ni miaka mitatu tangu siku ya kung'atwa. Kwa mtoto, muda huo hauanzi kuhesabiwa mpaka afikishe umri wa utu uzima, lakini mzazi anaweza kumfungulia shauri mapema kwa jina lake, na ni bora afanye hivyo mashahidi wakiwa bado wanakumbuka.

Majirani hawa wawili, katika mfano wetu, hawakufika mahakamani. Walikaa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na imamu wa msikiti wao. Mzee alipoelezwa habari ya kanzu ya muuza maziwa aliinamisha kichwa, akamgeukia mlinzi, kisha akasema, "Nitalipa." Makubaliano yakaandikwa: gharama zote za matibabu mpaka sindano ya mwisho, baibui, nauli bila kudai risiti, siku 12 za kazi kwa kiasi walichoafikiana cha 20,000 kwa siku, na kitu cha kumpoza moyo ambacho mama alikiacha kwa mzee akikadirie mwenyewe. Iliandikwa pia kwamba malipo hayo ni ya madhara yanayojulikana hadi siku hiyo, ili kidonda kikileta matatizo mengine mlango wa mazungumzo uwe haujafungwa. Kifungu hicho aliking'ang'ania imamu, na alifanya vyema, kwa sababu mtu akitia saini kwamba "nimelipwa yote na sina dai lingine", hana pa kurudi hata akilazwa mwezi unaofuata.

Kuhusu mbwa, walikubaliana mnyororo wa chuma badala ya kamba, na wavu wa kutenga upande wa nyuma ya nyumba na njia ya geti. Kibao kimebaki mahali pake. Chini yake mzee ameongeza mstari mmoja kwa mkono wake: "Piga hodi, usiingie mpaka uambiwe mbwa amefungwa."